Piki Isikae Kama Stika: Kulinganisha Weusi na Kontrasti kwa Levels na Curves

Mteja wangu wa Busia anauza pikipiki. Aliniletea picha ya boda moja nyekundu, mpya, iliyopigwa kwa flashi ndani ya duka, akataka ionekane imesimama kando ya barabara juu ya Ziwa Bunyonyi alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Nikaikata vizuri, nikaiweka, nikachora kivuli, nikamtumia. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: "Kijana wangu, hii piki imekaa kama stika kwenye mlango wa taksi."

Alikuwa sahihi. Ukubwa ulikuwa sawa, pembe ya kamera ilikuwa sawa, kingo zilionekana safi. Kosa lilikuwa kwenye weusi. Tairi za ile piki zilikuwa nyeusi kuliko kitu chochote kilichokuwa mahali pale.

Kule Kigezi, liliko ziwa hilo, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi hakuna kitu cheusi kabisa ukikitazama kwa mbali. Kati ya jicho lako na kitu kuna matone madogo ya maji yanayotawanya mwanga, na mwanga huo unaingia kwenye kamera hata ukielekeza lenzi kwenye shimo lenye giza. Kwa hiyo giza linapanda na kuwa kijivu chenye ubuluu kidogo. Kadiri kitu kinavyokaa mbali, ndivyo kinavyopanda zaidi, mpaka vilima vya ng'ambo ya ziwa vinakaribia rangi ya anga. Flashi ya dukani haina habari hiyo. Ilipiga piki kutoka mita mbili, hewa ikiwa safi, ikaacha mpira wa tairi karibu na sifuri.

Ninatumia Photoshop hapa. Photopea ina vifaa hivyo hivyo kwa majina hayo hayo, na inafunguka kwenye kivinjari. GIMP nayo inayo chini ya menyu ya `Colors`, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025 unaweza kurudi kubadilisha namba baadaye bila kuharibu picha. Hesabu ni zile zile popote ulipo.

Kwanza pima, usiguse kitu

Fungua `Window > Info`, au bonyeza F8. Chukua `Eyedropper` na juu pale kwenye `Sample Size` chagua `5 by 5 Average`. Ukiacha `Point Sample` utakuwa unasoma pikseli moja, na kwenye picha ya alfajiri yenye chenga pikseli moja inaweza kukudanganya kwa namba kumi nzima.

Sasa tafuta sehemu yenye giza zaidi kwenye mandhari, lakini iwe kwenye umbali ule ule ambao kitu chako kitasimama. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nikiwemo mimi mara ya kwanza. Kwenye picha yangu kulikuwa na jani la mgomba lililochungulia pembeni, hatua mbili tu kutoka kwenye kamera. Kivuli chake kilisomeka 12, 14, 13, yaani nyekundu, kijani na buluu, ambapo 0 ni giza tupu na 255 ni mwanga kamili. Nikadhani nimepata nukta nyeusi ya picha, na kweli niliipata, ila ilikuwa ya hatua mbili kutoka kwenye kamera. Piki ilikuwa isimame kama mita 15 mbele, na kati ya hapo kuna ukungu wa mita 13 ambao lile jani halikuupitia.

Bahati nzuri, mahali pale pale pa kuegesha piki palikuwa na tairi kuukuu lililozikwa nusu kwenye ukingo wa barabara, yale wanayowekaga kuonyesha mwisho wa njia. Ndani ya tundu lake, ambako mwanga hauingii, nilisoma R 38, G 43, B 50. Nikaenda kwenye rundo la kuni za mikaratusi lililokuwa karibu yake, nikapima nafasi kati ya magogo. Ilitoka karibu sawa na hiyo. Vitu viwili tofauti vikikubaliana, hiyo ndiyo sakafu. Hakuna kitu kwenye umbali ule kinachoruhusiwa kuwa cheusi kuliko 38, 43, 50.

Angalia zile namba tena: buluu imepanda kuliko nyekundu kwa 12. Ukungu una rangi, na rangi hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye vivuli. Ndiyo maana tutafanya kazi chaneli moja moja. Ukipandisha zote kwa pamoja kwa namba moja utapata kijivu cha saruji kavu, na jicho litaona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama halijui ni nini.

Pima na upande wa juu. Gunia jeupe lililokuwa karibu na zile kuni lilisoma 203, 206, 209. Anga lenyewe lilisoma 226, 229, 232. Andika pembeni kwenye karatasi. Halafu pima kitu chako: tairi la piki 5, 5, 6; stika nyeupe ubavuni mwa tangi 244, 244, 244; mng'ao kwenye kromu ya bomba la moshi 255 kote. Kabla hujaondoka, bonyeza Shift huku ukibofya na `Eyedropper` kwenye tairi na kwenye stika. Alama za kupimia zitabaki pale, na namba zake zitaonekana kwenye `Info` muda wote unapofanya kazi.

Levels: sakafu na dari

Ukiwa umechagua leya ya piki, nenda `Layer > New Adjustment Layer > Levels`, kisha bonyeza Ctrl+Alt+G ili marekebisho yashike piki peke yake na yasiguse mandhari. Ukisahau hatua hiyo ndogo utaona ziwa lote linapauka na utafikiri umekosea hesabu.

Dirisha la `Levels` lina mistari miwili ya vitelezi. Ule wa juu, chini ya histogramu, unauliza: kwenye kitu chako, weusi unaanzia wapi na weupe unaishia wapi? Ule wa chini, `Output Levels`, unauliza: unataka weusi huo na weupe huo vifike wapi? Watu wamezoea wa juu na hawaugusi wa chini kabisa. Kwa kazi yetu wa chini ndio mwenyewe.

Chagua chaneli `Red`. Kushoto juu andika 5, kulia juu iache 255. Kwenye `Output Levels` andika 38 kushoto na 226 kulia. Nenda `Green`: juu 5 na 255, chini 43 na 229. Halafu `Blue`: juu 6 na 255, chini 50 na 232. Kitelezi cha katikati kiache kwenye 1.00, kazi yake tutaifanya kwa `Curves`.

Huenda unajiuliza kwa nini dari nimeweka rangi ya anga badala ya ya gunia. Asubuhi ile hakukuwa na jua. Mng'ao wowote kwenye kromu ungekuwa ni anga linajitazama, na kioo hakiwezi kung'aa kuliko kile kinachokitazama. Kama ingekuwa saa saba mchana pale Kampala, jua likiwa utosini, ningeiacha 255, kwa sababu cheche ya jua kwenye chuma inafika huko bila shida.

Tazama `Info`. Tairi sasa linasoma 38, 43, 50. Tangi jekundu, ambalo mwanzo lilikuwa 180, 20, 25, sasa ni 170, 54, 64. Usipite haraka hapo. Nyekundu haikushuka sana, lakini kijani na buluu vimepanda, na huko ndiko wekundu unakopungua makali. Ukungu umeingia kwenye rangi yenyewe bila wewe kugusa `Saturation`. Ndiyo sababu ninashauri weusi ulinganishwe kabla ya kuhangaika na rangi; nusu ya tatizo la rangi huondoka lenyewe.

Curves: kilichopo katikati

Sakafu na dari zikishakaa, piki yangu bado ilikuwa na kasoro. Flashi inapiga kutoka mbele, kwa hiyo kila kilichoikabili kamera kilikuwa kimewaka kuliko inavyowezekana kwenye mwanga wa mawingu. Stika ya tangi ilisoma 218, 221, 224 wakati gunia jeupe jirani yake ni 203, 206, 209. Stika si gunia, najua, lakini zote ni nyeupe na zote zinaangalia upande mmoja. Tofauti ya 15 ni kubwa mno.

Sehemu za katikati ndizo ngumu kupima kwa sababu huwezi kulinganisha tangi na nyasi. Tafuta vitu viwili vya aina moja. Mimi nilikuwa na lile tairi kuukuu. Uso wake wa juu, unaopokea mwanga wa anga, ulisoma karibu 84. Uso kama huo kwenye tairi la piki, baada ya `Levels`, ulisoma 96. Mpira kwa mpira, hapo hakuna ubishi. Ukikosa kitu cha aina moja, tafuta lami na lami, bati na bati, au ngozi na ngozi ya mpita njia mwenye weusi unaokaribiana.

Ongeza leya ya `Curves` juu ya ile ya `Levels`, nayo uibane kwa Ctrl+Alt+G. Kaa kwenye `RGB`. Bofya kwenye mstari kuweka nukta, kisha andika namba zake kwenye `Input` na `Output`:

```
Input  44   Output  44
Input  96   Output  84
Input 221   Output 206
```

Nukta ya kwanza inaonekana kama haina kazi, maana 44 inabaki 44. Hiyo ndiyo nanga. Mstari wa `Curves` ni kama kamba. Ukiuvuta katikati unasogea hadi miguuni. Bila nanga, kushusha 96 hadi 84 kungezamisha pia sakafu uliyoijenga kwa shida, na tairi lingerudi kuwa jeusi. Angalia alama yako ya tairi kwenye `Info`: isicheze zaidi ya namba moja au mbili. Ikicheza zaidi, sogeza nanga.

Hatua hii ilizima kromu kidogo, kwa kuwa mng'ao wake nao umevutwa chini na ile nukta ya tatu. Nilibofya maski ya `Curves`, nikachukua brashi laini yenye rangi nyeusi, ambayo kwenye maski huficha marekebisho, `Opacity` asilimia 50, nikapita juu ya bomba la moshi na ukingo wa kioo cha pembeni tu. Viling'aa tena kwa kiasi.

Badilisha `Blending Mode` ya leya hiyo ya `Curves` kutoka `Normal` kwenda `Luminosity`. Bila hivyo kila ukikaza kontrasti rangi nazo zinakolea, na ukiilegeza zinapauka, kisha unajikuta unatibu kitu ambacho umekisababisha mwenyewe. Ile ya `Levels` iache `Normal`, maana pale tunataka rangi ya ukungu iingie.

Kagua kwa macho ya kikatili

Jicho huzoea haraka. Ukiitazama picha kwa nusu saa, hata stika itaonekana imekaa. Kwa hiyo ninaweka leya mbili za ukaguzi juu kabisa, ambazo hazijabanwa kwenye kitu chochote.

Ya kwanza ni `Black & White`, kuondoa rangi isinichanganye. Ya pili ni `Levels` ambayo kwenye mstari wa juu kitelezi cha kulia kimevutwa kutoka 255 hadi 80. Picha yote inawaka vibaya, lakini kila kilichokuwa chini ya 80 kinatandazwa mpaka ukione. Tofauti ya namba nane kwenye vivuli, ambayo kwa kawaida huioni, inatokea kama doa kwenye shati jeupe. Kama tairi la piki bado ni jeusi kuliko tundu la tairi kuukuu, litapiga kelele hapo. Kisha rudisha 255, vuta kitelezi cha kushoto hadi 180, ukague upande wa mwanga kwa namna hiyo hiyo.

Kwa piki hii ukaguzi ulinionyesha kitu ambacho sikukitarajia: ukanda mweusi mwembamba kuzunguka kiti chote. Ulikuwa mabaki ya ukuta wa duka kwenye kingo za mkato. Nikaingia kwenye maski ya piki nikaipunguza kwa pikseli moja.

Zima leya hizo kabla ya kutoa faili. Wakati mmoja nilipeleka kazi ya kuchapwa Nasser Road huku leya ya ukaguzi ikiwa imewaka. Mita tatu za fleksi zilitoka zimepauka kama zimeachwa juani mwaka mzima, na bei yake nililipa mwenyewe.

Kivuli kisivunje sakafu

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Mtu ameshalinganisha piki kwa uangalifu, halafu anachora kivuli chini ya tairi kwa brashi nyeusi tii kwenye leya ya `Multiply`. Kivuli kinashuka hadi 10, na piki inaonekana imesimama juu ya shimo.

Chukua `Eyedropper`, bofya ndani ya lile tundu ulilopima, upate 38, 43, 50. Tengeneza leya mpya chini ya piki, iache `Normal`, na uchore kwa rangi hiyo. Pale mpira unapogusa lami, mstari mwembamba kama unene wa kidole, ipe nguvu karibu asilimia 90. Ukitoka nje, ilegeze upesi: chini ya injini asilimia 30 au 40, na pembeni iishie bila ukingo, kwa sababu anga la mawingu halitoi kivuli chenye ncha. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata ukichora mara kumi mahali pamoja huwezi kwenda chini ya sakafu.

Mteja akisema rangi imekufa

Atasema. Anauza piki nyekundu, anataka wekundu. Kishawishi ni kupunguza `Opacity` ya leya ya `Levels` hadi asilimia 70. Usifanye hivyo. Ukishusha hadi hapo, nyekundu ya tairi inarudi kutoka 38 hadi kama 28, na piki inarudi kukaa kama stika. Badala yake weka `Hue/Saturation` iliyobanwa kwenye piki, jaza maski yake weusi, halafu paka weupe kwenye tangi na madigadi pekee. Pandisha `Saturation` 10, au 15 mteja akiwa mkali. Weusi haujaguswa, rangi ya biashara imerudi. Huyu wangu alikubali kwenye 12.

Kitu kirefu, na hali ya kinyume

Piki ni fupi, ukungu wa mbele na wa nyuma yake ni ule ule. Ukiweka basi lililosimama kwa ubavu kuelekea mbali, taa za mbele zinaweza kuwa mita nane kutoka kwenye kamera na nyuma mita 20, na sakafu moja haitoshi. Pima mandhari kwenye umbali wote wawili, tengeneza `Levels` mbili, moja kwa kila sakafu, kisha kwenye maski ya ile ya nyuma vuta gradienti kutoka weusi kwenda weupe kufuata urefu wa basi, na kwenye maski ya ile ya mbele vuta kinyume chake.

Na kuna siku kitu ndicho chenye ukungu na mandhari ndiyo kavu: picha ya simu yenye lenzi iliyoshikwa na mafuta ya vidole, bidhaa imepigwa ikiwa na dirisha nyuma, na unataka kuiweka sokoni Owino mchana. Hapo unatumia mstari wa juu wa `Levels`. Shikilia Alt huku ukivuta kitelezi cheusi kwenda kulia. Skrini yote inakuwa nyeupe, na sehemu zinazozama zinajitokeza kama vidoa. Vidoa vya kwanza vikitokea ndani ya mikunjo na chini ya kitu, umefika. Vikianza kula uso wa kitu chenyewe, rudi nyuma namba mbili tatu. Ila ujue kwamba njia hii inavuta na chenga pia: picha ya simu iliyopanda weusi hadi 45, ukiishusha hadi 3, itaonyesha madoadoa kwenye vivuli ambayo mandhari hayana, na `Levels` haina dawa ya hilo. Mimi hapo humwomba mteja afute lenzi kwa shati, apige tena.